Uzito, idadi na sahihi ya dereva: jinsi ya kujaza noti ya mzigo wa Kampala

Katoni 15 za wino wa mashine za fotokopi zikipotea kati ya Nairobi na Kampala, mwenye lori anaweza kudaiwa dola 6,750. Anaweza pia kudaiwa dola 3,270, au dola 1,350. Katoni ni zilezile na barabara ni ileile. Kinacholeta tofauti ni karatasi ambayo dereva aliitia sahihi akiwa amesimama kando ya gari huku lori la nyuma likimpigia honi atoke getini.

Karatasi hiyo ndiyo hati ya shehena, ambayo madereva wetu wanaiita konsaimenti noti. Hapa nitaiita noti tu, mradi tusiichanganye na ile ya benki. Nimekaa miaka mingi katika ofisi ya usafirishaji huku Industrial Area, kwanza nikijaza noti, baadaye nikijibu barua za madai. Ukijibu madai kwa muda unaanza kuona kwamba mengi yalikwisha kuamuliwa kabla lori halijafika hata Mlolongo au Gilgil kupimwa. Kwa hiyo nitafuata mzigo mmoja tangu stoo hadi kwa mpokeaji, na nitakaa zaidi kwenye visanduku vichache vinavyoamua pesa. Visanduku vya majina na anwani utavijaza mwenyewe bila msaada wangu.

Kwanza jua ukomo wako wa fidia unatoka wapi

Fomu nyingi zinazotumika kwenye njia ya Malaba na Busia zimeiga muundo wa Mkataba wa CMR, uliosainiwa Geneva mwaka 1956 kwa ajili ya mizigo ya barabara inayovuka mipaka. Mkataba huo ndio wenye kile kipimo kinachotajwa sana: msafirishaji akipoteza mzigo, fidia yake haizidi SDR 8.33 kwa kila kilo ya uzito wa jumla uliopungua. Kiwango hicho kiliwekwa na Itifaki ya mwaka 1978. SDR ni kipimo cha fedha cha IMF, na thamani yake dhidi ya dola hutangazwa kila siku ya kazi. Katika hesabu zangu hapa nitatumia dola 1.35 kwa SDR moja, kama mfano. Siku ya dai lako tazama kiwango cha siku hiyo.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kenya, Uganda na Tanzania si wanachama wa CMR. Ukichapisha herufi hizo tatu juu ya fomu yako, hujapata kinga yoyote. Mzigo wako wa Nairobi kwenda Kampala unaangukia sheria ya kawaida ya Kiingereza, tuliyoirithi kupitia Sheria ya Mahakama na Sheria ya Mikataba, na sheria hiyo ni kali kwa mwenye gari. Anayejitangaza kubeba mzigo wa mtu yeyote anayekuja na nauli anachukuliwa kuwa mchukuzi wa umma, na mchukuzi wa umma hulipa mzigo ukipotea hata kama hakuzembea. Anaponyoka tu kwa mambo machache: nguvu za Mungu kama mafuriko, vita, kasoro iliyo ndani ya bidhaa yenyewe, au kosa la mtumaji. Hata ukithibitisha kwamba wewe ni mchukuzi wa binafsi, bado ni kazi yako kuonyesha kwamba hukuzembea. Na katika hali zote mbili hakuna cha 8.33. Unalipa thamani kamili.

Ukomo basi unazaliwa na makubaliano, si na fomu. Unahitaji maneno yaliyoandikwa na kukubaliwa, kwa mfano haya:

"Msafirishaji si mchukuzi wa umma. Safari hii inafuata masharti ya Mkataba wa CMR pamoja na Itifaki ya 1978. Dhima ya msafirishaji kwa mzigo uliopotea au kuharibika haitazidi SDR 8.33 kwa kila kilo ya uzito wa jumla wa mzigo ulioguswa."

Mpe wakili ayapitie mara moja tu, kisha yachapishe. Lakini usiyafiche nyuma ya noti kwa maandishi madogo kama sisimizi ukadhani umemaliza. Fikiria mpangilio wa kazi zetu. Mteja anauliza bei kwa WhatsApp Jumatatu, unamjibu dola 1,800, anasema sawa, leta gari. Mkataba umekwisha kufungwa hapo. Noti inajitokeza Jumatano, gari limeshapakiwa, na wakili wa mteja atasema masharti yaliyoletwa baada ya makubaliano hayamfungi mtu. Dawa yake ni rahisi: masharti yaende pamoja na bei. Ambatisha ukurasa mmoja kwenye ujumbe wako wa kwanza na uandike, "Bei hii ni kwa masharti yaliyoambatishwa." Noti ikija baadaye inarudia tu kilichokwisha kukubaliwa.

Jambo jingine la kutazama kabla ya kufurahia ukomo wako ni ule mkataba mkubwa wa mwaka ambao kampuni za viwandani na mawakala wa forodha huwasainisha wenye malori. Aghalabu ndani yake kuna kifungu kinachosema msafirishaji atalipa thamani kamili ya ankara, na kingine kinachosema mkataba huo unashinda hati nyingine yoyote. Kama umeusaini, noti yako haina nguvu ya kuupinga. Ama ujadili kifungu hicho, ama upandishe nauli na bima zilingane nacho.

Idadi na hali ya mzigo

Sasa tupakie. Mzigo wetu wa mfano unatoka stoo moja ya Nairobi: katoni 640 za sabuni ya mche, kila moja kilo 21, na katoni 90 za wino wa fotokopi, kila moja kilo 8. Sabuni inafika imepangwa wazi wazi. Wino uko kwenye paleti tatu zilizozungushiwa plastiki nyeusi, huoni ndani.

Karani wa stoo ameshachapisha noti: "Katoni 730, hali nzuri." Dereva akitia sahihi chini ya maneno hayo, amekiri mambo mawili: kwamba katoni 730 zimeingia kwenye gari lake, na kwamba kwa nje zilikuwa nzima. Chini ya CMR, noti isiyo na angalizo huchukuliwa kuwa ushahidi kwamba idadi, alama na hali ya nje ya mzigo vilikuwa kama ilivyoandikwa. Unaweza kukanusha, lakini mzigo wa kuthibitisha ni wako, na utauthibitishaje miezi miwili baadaye? Tanboi amehama, na vijana waliopakia walilipwa kwa siku.

Kwa hiyo dereva anahesabu. Asimame kwenye bodi la nyuma, si kwenye kivuli, akiwa na karatasi yake ya hesabu, vijiti vinne na mkato mmoja kwa kila tano. Karani wa stoo naye ana yake. Kila safu kumi wanasimama wanalinganisha. Ukisubiri mpaka mwisho ndipo ulinganishe, ukakuta mmoja ana 638 na mwingine 640, hakuna atakayekubali kushusha gari zima kutafuta katoni mbili za sabuni. Hapo dereva ataambiwa, "Kaka, weka sahihi tu, twende."

Kwa paleti zilizofungwa hawezi kuhesabu, na hapaswi kujifanya amehesabu. Anaandika angalizo, na angalizo lina thamani likiwa na sababu yake. Maneno "hayakuhesabiwa" peke yake ni dhaifu. Andika hivi:

"Paleti 3 zimepokelewa. Katoni 90 ni kwa maelezo ya mtumaji. Dereva hakuweza kuhesabu kwa sababu paleti zimefungwa plastiki nyeusi."

Kuna kipengele cha CMR ambacho hata makarani wazoefu hawakijui: angalizo la msafirishaji halimfungi mtumaji mpaka mtumaji mwenyewe aonyeshe kwenye noti kwamba amelikubali. Ndiyo maana dereva asiandike angalizo akajibandikia sahihi yake peke yake. Karani wa stoo naye aweke sahihi palepale kando ya maneno hayo, na kwenye nakala zote tatu: ya mtumaji, inayosafiri na mzigo, na inayobaki kwako. Akikataa kusaini, dereva asiondoke kabla hajapiga simu ofisini, na wewe umtumie mteja ujumbe papo hapo wenye picha ya paleti na picha ya noti. Ujumbe huo hauna nguvu ya sahihi, lakini una tarehe na saa.

Kwa hali ya mzigo ni vilevile. Naikumbuka safari moja ambapo chini ya rundo kulikuwa na katoni zilizolowa, kwa sababu paa la stoo lilivuja usiku wa mvua. Dereva wetu aliziona, akamwambia mlinzi, mlinzi akacheka, na noti ikaondoka na muhuri wa "hali nzuri". Kule Kampala mpokeaji alizikataa katoni 41. Nilipoandika kwamba zililowa stoo, jibu lilikuwa mstari mmoja: tazama noti yako. Tulilipa. Dereva alikuwa mkweli kabisa, lakini ukweli wake ulibaki mdomoni. Angeandika "Katoni za safu ya chini, takriban 40, zimelowa wakati wa kupakia," dai lingerudi kwa mwenye stoo.

Kontena lililofungwa sili kabla ya gari kufika linahitaji mstari wa namna nyingine. Andika namba ya sili kwa ukamilifu wake, andika kwamba sili ilikuwa nzima, na kwamba yaliyomo ni kwa maelezo ya mtumaji. Sili ikifika nzima yenye namba ileile, upungufu wa ndani unakuwa wa aliyepakia. Namba ikikosewa tarakimu moja, umepoteza hoja yako bora kabisa. Dereva aisome kwa vidole, tarakimu kwa tarakimu, kisha aipige picha.

Uzito, kisanduku kinachofanya hesabu

Ukomo unahesabiwa kwa kilo, kwa hiyo kilo zilizoandikwa kwenye noti ndizo zinazozaa dola. Uzito unaotakiwa ni wa jumla wa bidhaa, yaani bidhaa pamoja na katoni zake. Si uzito wa bidhaa bila pakiti, na kabisa si ule wa risiti ya mizani. Nimeona noti iliyoandikwa kilo 31,000 na ushei, dereva ameinakili kutoka mizani, gari na trela humo humo. Noti kama hiyo inampa mwenye mzigo mwanya wa kudai kwamba kila katoni ilikuwa nzito kuliko ilivyokuwa.

Kosa linalogharimu zaidi ni kuweka kila kitu kwenye mstari mmoja. Tazama mzigo wetu. Sabuni ni kilo 13,440, wino ni kilo 720, jumla kilo 14,160. Karani mvivu anaandika: "Bidhaa mchanganyiko, katoni 730, kilo 14,160." Sasa katoni 15 za wino zinapotea njiani. Dai linakuja na ankara: kila katoni dola 450, jumla dola 6,750.

Kwa noti ya mstari mmoja, wakili wa mwenye mzigo atagawa kilo 14,160 kwa 730. Anapata wastani wa kilo 19.4 kwa katoni. Katoni 15 zinakuwa karibu kilo 291. Zidisha kwa 8.33, unapata takriban SDR 2,424, na kwa kiwango chetu cha 1.35 ni karibu dola 3,270. Wewe utasema wino hauna uzito huo, lete orodha ya upakiaji, na pengine utashinda, ila utakuwa unabishana dhidi ya karatasi uliyoitia sahihi mwenyewe.

Kwa noti ya mistari miwili, mmoja "Sabuni, katoni 640, kilo 13,440" na wa pili "Wino wa fotokopi, katoni 90, kilo 720", hakuna cha kubishania. Katoni 15 mara kilo 8 ni kilo 120. Kilo 120 mara 8.33 ni SDR 999.6, sawa na dola 1,349 na senti. Kwa kuandika mstari mmoja zaidi umepunguza dai kwa karibu dola 1,900, zaidi ya nauli nzima ya safari hiyo. Na kama ukomo haukukubaliwa kabisa, kama tulivyoona mwanzo, zote 6,750 ni zako.

Usije ukadhani, hata hivyo, kwamba 8.33 ni bei ya kilo. Ni dari tu. Tuseme zilipotea katoni 15 za sabuni badala ya wino, kila moja ikiwa na thamani ya dola 24. Thamani yote ni dola 360. Ukomo wake, kilo 315 mara 8.33 mara 1.35, unazidi dola 3,500, lakini hulipi 3,500. Unalipa 360, kwa sababu mwenye mzigo hapati zaidi ya alichopoteza. Nimeshakutana na barua ya dai iliyopigia sabuni hesabu ya kilo kana kwamba ni dhahabu. Ukiipata, irudishe kwa upole pamoja na ankara.

Na ankara yenyewe iangalie. Thamani inayohesabiwa ni ya mahali na wakati mzigo ulipopokelewa, yaani bei ya Nairobi siku ya kupakia. Mara nyingi mpokeaji hudai kwa bei ya rejareja ya Kampala, faida yake ikiwa ndani. Ongezeko hilo halimo. Kilichomo juu ya ukomo ni sehemu ya nauli, ushuru na gharama nyingine za safari zinazolingana na mzigo uliopotea.

Kisanduku cha thamani: acha kitupu kwa makusudi

Noti nyingi zina nafasi iliyoandikwa "thamani ya mzigo", na karani hukimbilia kuijaza kutoka kwenye ankara kwa sababu maofisa wa forodha nao wanataka thamani. Lakini hivi ni vitu viwili. Thamani ya forodha inakaa kwenye hati za forodha. Thamani iliyotangazwa kwenye noti, ikiwa imekubaliwa kwa nyongeza ya nauli, inachukua nafasi ya ule ukomo wa kilo. Ukiandika hapo dola 40,500, ambayo ndiyo thamani ya katoni zote 90 za wino, umempa mteja hoja ya kusema dari ni dola 450 kwa katoni na si SDR 8.33 kwa kilo.

Kama mteja anataka ulinzi kamili, ni haki yake, na ni biashara nzuri kwako. Kubalianeni nyongeza, iandike nyongeza hiyo kwenye noti, mjulishe mtu wako wa bima kabla gari halijatoka, ndipo ujaze kisanduku. Kama hakuna nyongeza, usiache nafasi wazi ili mtu aje aijaze baadaye. Andika "Hakuna thamani iliyotangazwa" na uvute mstari.

Malaba mpaka geti la mpokeaji

Njiani noti haibadiliki ila kwa sababu. Sili ikikatwa na ofisa wa forodha kwa ukaguzi, dereva aandike mahali, tarehe, namba ya sili ya zamani na ya mpya, na aombe muhuri au sahihi ya aliyeikata. Mzigo ukihamishiwa gari jingine kwa sababu ya hitilafu, namba ya gari jipya iandikwe, na hesabu ifanywe upya pale kando ya barabara, hata kama ni usiku. Hitilafu ya gari lako, kwa njia, si utetezi. CMR inasema wazi kwamba msafirishaji hajifichi nyuma ya ubovu wa gari alilotumia, hata kama amelikodi.

Kule Kampala kinachotazamwa ni dakika ya kukabidhi. Upungufu unaoonekana kwa macho, kama katoni zilizochanika au idadi isiyotimia, unatakiwa uandikwe palepale. Usioonekana, kwa mfano katoni nzima kwa nje lakini ndani hamna kitu, mpokeaji ana siku 7 za kuandika, Jumapili na sikukuu zisihesabiwe. Akikaa kimya, inachukuliwa kwamba alipokea mzigo kama ulivyoelezwa kwenye noti. Hilo halifuti dai lake moja kwa moja, ila sasa yeye ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha. Dai la kuchelewa ni tofauti: lazima liandikwe ndani ya siku 21, na fidia yake haizidi nauli.

Kwa hiyo dereva asikubali muhuri wa "Imepokelewa, itakaguliwa baadaye" bila kusema lolote. Amwombe mpokeaji ahesabu naye. Akikataa, dereva aandike chini ya muhuri: "Mpokeaji alialikwa kuhesabu, akakataa," saa na tarehe. Na mpokeaji akiandika "pungufu katoni 15", dereva asibishane wala asitie maneno ya kukubali kosa. Sahihi yake ithibitishe tu kwamba maandishi hayo yaliwekwa mbele yake. Picha tatu zinatosha: sili kabla ya kukatwa, mlango ukifunguliwa, na noti yenye muhuri.

Pale ukomo unapovunjika

Ukomo haumlindi aliyekusudia. Dereva akiungana na wezi kushusha katoni 15 pale Salgaa au Eldoret, au ikithibitika kwamba wewe au mtu wako mlifanya jambo ambalo mahakama italihesabu sawa na kusudi, SDR 8.33 inaondoka na unarudi kwenye dola 6,750. Na chini ya CMR matendo ya dereva ni matendo yako, pamoja na ya mwenye gari uliyempa kazi hiyo kwa mlango wa nyuma. Ndiyo maana rekodi za GPS za vituo alivyosimama zina thamani kubwa kuliko maelezo yake ya mdomo. Zinaweza kukutetea, na zinaweza kukuumbua.

Bima ya mwenye mzigo nayo isikupe usingizi. Kampuni ya bima ikimlipa mteja wako, inasimama mahali pake na kukufuata wewe kwa noti ileile. Unahitaji bima yako ya dhima ya msafirishaji, na usome sharti la kuegesha: nyingi hazilipi gari likiachwa bila mtu mahali pasipo ulinzi. Na kama mzigo unapita chini ya dhamana ya forodha, elewa kwamba forodha haijui habari za kilo wala SDR. Mzigo ukipotea kabla ya kutoka nchini, ushuru na kodi vinadaiwa kwa aliyeweka dhamana, naye atakutafuta kwa kiasi chote.

Nakala yako

Noti yenye muhuri ikirudi kutoka Kampala isilale kwenye dashibodi ya lori. Iskani siku hiyohiyo, itie kwenye faili moja na karatasi ya hesabu ya dereva, picha, na ule ujumbe wa kwanza uliobeba bei na masharti. CMR inatoa mwaka mmoja wa kufungua kesi, au miaka mitatu kama kuna kusudi. Lakini muda huo unakusaidia tu kama masharti yako yaliingia kwenye makubaliano. Kama hayakuingia, dai la mkataba Kenya lina miaka 6, na bahasha ya wakili inaweza kufika mwaka wa tano. Sanduku letu la noti za zamani liko juu ya kabati, limeandikwa mwaka kwa kalamu nene, na halishuki kabla miaka hiyo 6 haijatimia.